Ujumbe wa Valentaini kwa rafiki ambaye si mpenzi: nisaidieni kuusafisha kabla ya Jumamosi

Mtu wa Chuda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina rafiki wa kike, tulisoma wote sekondari hapa Tanga na urafiki haujakatika hadi leo. Ni mke wa mtu. Mumewe namfahamu na tunasalimiana vizuri, na wana binti wa miaka 6. Majina nayabadilisha: yeye tumwite Zuhura, mtoto Nasra, mie Salim.

Mwaka huu 14 Februari ni Jumamosi, na nimeona nimwandikie kumshukuru. Mwezi wa 11 mama yangu alilazwa Bombo, na Zuhura alifanya mambo ambayo hata ndugu wa damu hawakuyafanya. Nataka aone namna ninavyomthamini, lakini sitaki yeye wala mumewe wahisi kitu kingine. Nimeandika hivi:

"Heri ya Valentaini kipenzi changu Zuhura. Najua wewe ni mke wa mtu na usinielewe vibaya, lakini wewe ni wa pekee sana kwenye maisha yangu. Tabasamu lako hunipa nguvu kila siku. Sijui ningekuwaje bila wewe. Nakupenda sana kama rafiki tu. Usiwaze mengine." Mwishoni nimeweka moyo mwekundu na waridi.

Naombeni mnirekebishie.

Kijana wa Chumbageni

Kaka, hapo umeshapenda, usijifiche. Ila mke wa mtu ni sumu. Futa hiyo meseji, tafuta binti asiye na mume, kisha umtumie hiyo hiyo bila kubadilisha neno. Imekaa vizuri kabisa ya kuombea namba.

Mtu wa Chuda

Sijapenda kwa namna hiyo, kaka. Rudia kusoma nilichoomba.

Mama Karani

Salim mwanangu, usimkasirikie huyu kijana, amekusaidia. Hakukosea kusoma. Amesoma maneno yako kama atakavyoyasoma mtu yeyote asiyekujua, na mume wa Zuhura akikutana nayo kwenye simu mezani atayasoma hivyo hivyo. Kazi yangu hapa Ngamiani ni kuandikia watu kadi na barua za shughuli, kwa hiyo nikuoneshe kasoro iko wapi, maana haiko pale unapodhani.

Wewe umedhani hatari iko kwenye neno "nakupenda", ukaizungushia kinga tatu: usinielewe vibaya, kama rafiki tu, usiwaze mengine. Hizo kinga ndizo zinazowasha moto. Asiyekuwa na wazo lolote, ukimwambia asiwaze mengine, anaanza kuyawaza. Na mtu hakanushi jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Zifute zote tatu, hata moja isibaki.

Halafu tazama umemsifia nini. Tabasamu, upekee, na kwamba bila yeye hujui ungekuwaje. Hayo ni sifa za alivyo, na mwanamume akimsifia mwanamke alivyo siku ya Wapendanao, hata akiwa na nia safi, anakuwa ameingia chumba kisicho chake. Sura, macho, sauti, tabasamu, harufu, mavazi, yote yaache. Sifia alichofanya. Umetuambia sisi tusiomjua kwamba alikusaidia mama alipolazwa Bombo, lakini kwenye ujumbe wake hukulitaja hata kwa neno moja! Hilo ndilo ulilotakiwa kumwandikia.

Tendo lina faida ambayo sifa haina. Lilitokea siku inayojulikana, watu wengine walikuwepo, mama yako shahidi. Mumewe akilisoma anakumbuka, maana pengine ni yeye aliyekuwa akibaki na mtoto asubuhi mkewe alipokwenda hospitali. Ujumbe wa tendo unaweza kusomwa kwa sauti sebuleni. Jipime kwa hilo: kama kuna sentensi ambayo Zuhura angeiruka akimsomea mumewe, hiyo haifai.

Sasa nijibu maswali matatu, kisha tuandike pamoja. Alifanya nini hasa, kwa mikono yake? Mara ngapi au siku gani? Na mama yako anasemaje kuhusu hilo?

Mdigo wa Mkinga

Mama Karani kaeleza vizuri, lakini dawa ni fupi kuliko hapo. Weka "dada yangu". Ukisema "nakupenda kama dada yangu" mjadala umekwisha. Dada haposwi.

Mama Karani

Mdigo, umeshika nusu yake. Neno la undugu linasaidia, ila linategemea limeanza lini. Kama Salim amemwita Zuhura dada miaka yote, basi Jumamosi aseme dada na litakaa mahali pake. Kama miaka yote alimwita Zuhura, au Zu, kisha tarehe 14 tu akawa dada, mwanamke atajiuliza kimetokea nini. Litaonekana pazia. Na hapa kwetu Pwani watu wanaoana na mabinamu, kwa hiyo maneno ya undugu peke yake hayafungi mlango kama unavyodhani. Hilo "kama" nalo lina shida ile ile ya kinga, linakumbusha kwamba si dada kweli.

Kuna njia iliyo imara zaidi, nayo ni kuweka undugu kwa watu wake badala ya kuuweka kwake. Mume wa Zuhura unamwitaje, Salim?

Mtu wa Chuda

Shemeji. Na Nasra ananiita mjomba tangu aanze kusema.

Majibu ya maswali. Alimpelekea mama uji kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, siku zote alizolazwa. Ulikuwa uji wa pilipili manga. Na kuna siku dawa moja ilisumbua kupatikana, akakaa foleni hadi saa nane mchana. Mama mpaka leo akinywa uji anasema haufikii ule wa Zuhura.

Mama Karani

Basi una kila kitu. "Msalimie shemeji" inakuweka upande wa kaka bila wewe kusema neno kaka. Na mjomba ni ndugu wa mama yake mtoto, kwa hiyo ukijitaja mjomba wa Nasra umeshajieleza wewe ni nani kwa Zuhura. Ungekuwa unaitwa baba mdogo ingekuwa habari nyingine, hapo ungekuwa ndugu wa mume. Majina haya mnayatumia kila siku, hayajazuliwa kwa ajili ya tarehe 14, ndiyo maana yana nguvu.

Andika kwa mfuatano huu. Anza na jina lake, salamu ya kawaida, bila kipenzi wala mpenzi. Kisha sababu ya kuandika leo, kwa sentensi moja fupi. Kisha tendo, hapo usibane, toa sentensi mbili au tatu zenye uji, foleni na saa nane. Kisha tendo lile limeacha nini, yaani neno la mama. Shukrani moja. Dua moja. Salamu kwa shemeji na Nasra. Ukipita maneno 80 hivi utaanza kurudia, na ukirudia utaingia kwenye hisia zisizo na tendo, ndipo utamu unapogeuka.

Na usiulize swali wala usiombe kitu. "Tuonane leo", "una ratiba gani", "nijibu basi", hayo yote yanamdai. Shukrani inayodai jibu siku ile inamweka pabaya mbele ya mumewe.

Sheha Mstaafu Pangani

Assalaam alaykum. Mimi nauliza jambo la msingi. Siku hii si yetu Waislamu, na Ramadhani iko jirani sana mwaka huu, ni siku chache tu baada ya hiyo tarehe 14. Kwa nini asingoje kidogo akatuma ujumbe wa kuombana radhi kama desturi yetu? Humo shukrani inaingia, na hakuna atakayefikiria mapenzi.

Mtu wa Chuda

Waalaykum salaam, shikamoo mzee. Nimelifikiria hilo. Hofu yangu, ujumbe wa kuombana radhi watu wanatuma mmoja kwa wote, wa kunakili, na wangu ungezama humo.

Mama Karani

Mzee wangu, shikamoo. Wazo lako lina uzito na sitalipinga kwa upande wa dini, kila mtu ana msimamo wake nyumbani kwake. Kwa upande wa uandishi tu, radhi na shukrani hazikai vizuri kwenye karatasi moja. Ukisema "nisamehe nilipokukosea" kisha "ahsante kwa uji", msomaji anaanza kutafuta kosa ulilomfanyia. Ila Salim anaweza kuandika siku hiyo bila kulitaja neno Valentaini kabisa. Aseme "leo watu wanatumiana salamu". Siku itajulikana, na nyumba isiyoipenda haitakwazika.

Sheha Mstaafu Pangani

Marahaba. Bado naona siku nyingine ingefaa zaidi. Ijumaa ya tarehe 13 kuna kasoro gani?

Baharia wa Bagamoyo

Mzee, mimi naitetea tarehe 14. Ufini siku hiyo jina lake rasmi ni Siku ya Marafiki, na Estonia vivyo hivyo. Watu wanatumiana kadi na wanafunzi wenzao, majirani, wafanyakazi wenzao. Meksiko wanaiita siku ya mapenzi na urafiki, viwili kwa pamoja. Kwa hiyo kumwandikia rafiki siku hiyo si jambo la ajabu duniani, ni huku kwetu tu tumeipokea upande wa waridi jekundu peke yake.

Nina mambo mawili ya simu ambayo hayajaguswa. La kwanza ni saa ya kutuma. Saa sita kamili usiku ni saa ya wapenzi, kila mmoja anataka awe wa kwanza. Ujumbe ukiingia usiku huo, hata ungekuwa na aya za Kurani, umeshaharibika. Tuma saa 4 asubuhi, watu wameshakunywa chai, nyumba iko wazi. Jioni nayo epuka, wenye ndoa huwa na mipango yao.

La pili ni kioo. Simu ikiwa imefungwa, Wasapu inaonesha mwanzo wa ujumbe tu, mstari mmoja au miwili. Mume akipita karibu na meza haoni uji wala shemeji, anaona maneno ya kwanza na jina la Salim. Rasimu ya mwanzo ingeonesha "Heri ya Valentaini kipenzi changu Zuhura. Najua wewe ni mke wa mtu na…" kisha vidoti. Ugomvi hapo unaanza kabla simu haijafunguliwa. Kwa hiyo neno la mama au la hospitali lije mapema sana, ndani ya maneno 10 au 15 ya mwanzo.

Mama Karani

Baharia, hilo la kioo nalichukua, ni la maana. Basi ile sentensi ya sababu ifupishwe sana, au ihamie chini.

Mtu wa Chuda

Nimejaribu upya:

"Zuhura, assalaam alaykum. Leo ni siku ya watu kutumiana salamu na mimi nimeona nichukue fursa hii adhimu kukushukuru kwa dhati kwa mchango wako mkubwa uliouonesha kwa familia yetu katika kipindi kigumu cha maradhi ya mama. Umekuwa nguzo imara. Mwenyezi Mungu akubariki. Msalimie shemeji na Nasra."

Mama Karani

Sasa umekimbilia upande wa pili. Huu ni usalama mtupu, na ni baridi. "Fursa hii adhimu", "mchango wako mkubwa", "kipindi kigumu", hayo anaandikiwa mfadhili aliyetoa mabati ya shule. Zuhura ataujibu "amin, nawe pia" na atausahau, maana hauna uji. Ukiogopa utamu usikimbilie lugha ya risala. Joto lote liko kwenye vitu vidogo alivyovifanya, viweke kama vilivyo na useme kama unavyosema naye mkikutana.

Hebu jaribu hivi:

"Zuhura, assalaam alaykum. Mama alipolazwa Bombo uliamka kila asubuhi ukampelekea uji kabla hujaenda kazini, na siku ile ya dawa ulikaa foleni hadi saa nane. Mpaka leo akinywa uji anasema haufikii ule wako wa pilipili manga. Siku zile nilikushukuru mbio mbio. Leo watu wanatumiana salamu, nikasema nikushukuru kwa utulivu. Ahsante rafiki yangu. Mungu akuzidishie afya na riziki. Msalimie shemeji, na Nasra mwambie mjomba anasubiri kusikia ule wimbo wa shule."

Wimbo wa shule nimeubuni, weka jambo lolote la kweli baina yako na mtoto. Usiache la kubuni. Kitu kimoja cha uongo na ujumbe wote unapoteza uzito.

Angalia kwamba vitenzi vyote vizito vimekwishatokea: uliamka, ukampelekea, ulikaa. Rasimu yako ya kwanza ilikuwa na "hunipa nguvu kila siku", na hilo la kila siku linasema unamwaza kila siku. Jambo lililotokea likaisha halimtii mtu mashaka. La "nimekumisi" pia liache, hata kama hamjaonana mwezi mzima.

Mdigo wa Mkinga

Nimekubali kwa hilo la shemeji. Lakini "rafiki yangu" si neno jepesi mno kwa mtu aliyefanya hayo? Mimi ningeweka swahiba.

Mama Karani

Swahiba ni zuri, ila baina ya wanaume linakaa zaidi. Kwa mwanamume kwenda kwa mke wa mtu, "rafiki yangu" au "rafiki yetu" inatosha. Akitaka kuzidisha aongeze muda, "rafiki yangu wa tangu shule". Urafiki wenye umri unajieleza wenyewe.

Binti Makorora

Naomba kuingilia na langu. Mie ni mwanamke na ninayetaka kumwandikia ni mwanamke mwenzangu, shoga yangu tuliyekua naye. Kwetu kuambiana "nakupenda shoga yangu" ni kila siku, mioyo mekundu tunatumiana. Kwa hiyo masharti yote hayo hayanihusu, sivyo? Na nilitaka nimpe na doti ya kanga iende na ujumbe.

Mama Karani

Mengi hayakuhusu. Nyinyi mwambiane mnavyopenda, isipokuwa moja: "shoga" andika ikiwa na jina lake, kwa sababu siku hizi neno hilo kwa vijana limebeba maana nyingine, na simu zinasomwa na wengi. Ukianza "Shoga yangu Mwanahamisi" hapana tatizo. Tendo linakuhusu pia, "nakupenda" ya kila siku haiongezi kitu tarehe 14, ila jambo moja alilokufanyia ukilitaja litamkaa.

Kuhusu kanga, soma jina lake kabla hujalipa, usiangalie rangi tu. Wengi wanavutiwa na mji na pindo, jina wanalisoma wakifika nyumbani. Kanga kwetu ni barua. Yenye kutaja jirani, wivu, maneno ya watu, au "umesema wewe", hata kama unaona imetulia, aliyepewa atajiuliza ni yeye anapigwa kijembe au anatumwa akampige mwingine. Chukua lenye dua, shukrani au heri. Na yale yanayotaja penzi na mahaba mwachie mumewe. Kama mfuko unaruhusu nunua doti mbili za jina moja, yeye yake na wewe yako, mvae sare siku ya shughuli. Hapo hata kadi si lazima.

Salim, hili la kanga usiliige! Doti kutoka kwa mwanamume asiye ndugu kwenda kwa mke wa mtu inasomwa vingine kabisa. Maua ya asumini na vikuba ndiyo usithubutu, hayo ni ya chumbani.

Mtu wa Chuda

Nimeelewa. Na zawadi ndogo ya chakula je? Nilifikiria machungwa ya Muheza, kikapu.

Mama Karani

Kikapu kipeleke nyumbani, kwa jina la mama yako, wakiwa wote. Mama ndiye aliyekunywa uji, kwa hiyo shukrani ikitoka kwake imetoka mahali pake. Lakini si tarehe 14. Ujumbe siku hiyo, kikapu wiki nyingine. Vikija pamoja vinaonekana posa.

Sheha Mstaafu Pangani

Kwa hapo nina la kuongeza. Kabla ya Ramadhani kuna vunja jungu. Mwalike yeye, shemeji na mtoto, mama yako awepo, mle pamoja. Machungwa yaje siku hiyo. Nadhani hilo litamfurahisha kuliko meseji.

Mtu wa Chuda

Mzee, hilo nimelipokea kwa mikono miwili. Mwaliko nitampigia shemeji mwenyewe.

Kijana wa Chumbageni

Kaka samahani kwa mwanzo, nilidhani unajificha. Swali langu: badala ya kujichosha na kuandika, si angechukua mstari mmoja wa taarabu au bongofleva akamalizia hapo? Maneno mazuri yapo tele.

Mama Karani

Yapo, lakini karibu yote yana mwenyewe, naye ni mpenzi. Bongofleva ukikata mstari, msikilizaji anamalizia mstari unaofuata kichwani, na huo unaofuata ndio wa mahaba. Taarabu ni mbaya zaidi kwa kazi hii. Taarabu ni fumbo, na fumbo linamfanya mtu atafute anayelengwa na lililofichwa. Salim hataki chochote kifichwe. Sisi watu wa Tanga tumelelewa na taarabu, Zuhura atalichambua kila neno.

Fundi Simu Barabara ya 12

Nimefuatilia kimya. Nina la kiufundi kwa yeyote ambaye rafiki yake anatumia kitochi, maana siyo wote wako Wasapu. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160, ukihesabu na nafasi. Ule ujumbe wa Mama Karani hauingii kwenye meseji moja, kwa hiyo fupisha namna hii:

"Zuhura, ule uji uliompelekea mama Bombo kila asubuhi hatujausahau. Ahsante, rafiki yangu wa siku nyingi. Msalimie shemeji na Nasra. Mjomba Salim"

Hiyo ni herufi 144, inaingia moja. Sasa ukiweka moyo mmoja tu mwishoni, wa rangi yoyote, simu inabadilisha namna ya kuandika ujumbe wote, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Hapo zinakuwa meseji 3, na kwenye kitochi cha zamani moyo wenyewe unatokea kama kiboksi. Mtu anabaki anashangaa kile kiboksi kilikuwa nini, na kwa ujumbe wa namna hii ni afadhali asishangae.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Maneno yenye ng' kama ng'ambo au ng'ombe: baadhi ya simu janja zinageuza kile kialama kilichonyooka kuwa kilichopinda. Kilichopinda kinafanya kama imoji, nafasi inashuka hadi 70. Ukiona kihesabu cha herufi kimeruka ghafla wakati hujaweka picha yoyote, tafuta kialama hicho, kibadilishe.

Baharia wa Bagamoyo

Fundi ahsante, hilo sikulijua. Ila kwenye Wasapu imoji hazina tatizo hilo, kwa hiyo Salim anaweza kuweka moyo wa njano. Njano ni wa urafiki.

Mama Karani

Nani amekubaliana njano ni ya urafiki? Wewe na vijana wenzako. Mume wa Zuhura anaona moyo. Mimi ningeacha mioyo yote, viganja viwili vilivyounganishwa vinatosha.

Baharia wa Bagamoyo

Mama, kwa heshima, naona unabana mno. Mtu aliyesoma uji, foleni, shemeji na mjomba hawezi kufika mwisho akababaishwa na moyo wa njano. Maneno ndiyo yanayoeleza imoji, siyo imoji inayoeleza maneno.

Mama Karani

Akisoma hadi mwisho. Anayechungulia hasomi hadi mwisho, anaona rangi.

Mtu wa Chuda

Nitaacha moyo kwa mwaka huu. Ujumbe wenyewe nimeukamilisha, Wasapu, saa 4 asubuhi:

"Zuhura, assalaam alaykum. Mama alipolazwa Bombo uliamka kila asubuhi ukampelekea uji kabla hujaenda kazini, na siku ile ya dawa ulikaa foleni hadi saa nane. Mpaka leo akinywa uji anasema haufikii ule wako wa pilipili manga, hata mimi nikiupika anauonja tu. Siku zile nilikushukuru mbio mbio. Leo watu wanatumiana salamu, nikasema nikushukuru kwa utulivu. Ahsante rafiki yangu wa tangu shule. Mungu akuzidishie afya na riziki. Msalimie shemeji, na Nasra mwambie mjomba bado ana ile penseli yake ya rangi."

Penseli ni ya kweli. Swali la mwisho: akijibu na mioyo mekundu nifanyeje? Yeye huwa anaituma kwa kila mtu, hata kwenye kundi la wanafunzi wa zamani.

Mama Karani

Hiyo ya "anauonja tu" ni nzuri kuliko yangu, usiiguse.

Akijibu na mioyo, ni tabia yake, usiisome zaidi ya hapo. Mjibu sentensi moja kuhusu mama, au penseli, kisha nyamaza. Kinachoharibu ujumbe mzuri mara nyingi ni meseji ya pili na ya tatu, mtu amefurahi kwamba umepokelewa vizuri akaanza kuongeza. Na asipojibu siku hiyo usimuulize kama ameupata. Alama mbili zikiwa buluu, ameupata.

Binti Makorora

Mama Karani, nimepata kanga dukani, jina lina neno "wema" na neno "hasidi" kwa pamoja. Nichukue?

Mama Karani

Acha hiyo. Aliyepewa ataruka wema ashike hasidi. Uliza kama wana yenye dua peke yake, na kama leo hawana, mzigo mpya ukiingia urudi.